Sevo ikikwama usiku: kilishio cha samaki kisichoweza kumwaga ndoo nzima

*Swali: Nina bwawa la mita 10 kwa 20 huku Mingoyo, Lindi, lina perege 400 wa gramu kama 80 kila mmoja. Nimewatengenezea mashine ya kuwalisha: ndoo yenye kifuniko cha kuteleza chini yake, sevo ya SG90 inakifungua kwa sekunde 4 asubuhi na jioni, Arduino Uno, saa ya DS3231, paneli ya wati 10 na betri ya volti 12 ya ampea-saa 7. Kiangazi ilifanya kazi vizuri. Mvua zilipoanza kipimo hakieleweki, mara kinatoka kingi, mara hakitoki kabisa. Juzi usiku imemwaga kilo 6 zote, na asubuhi nimeokota samaki 37 wamekufa. Nibadilishe sevo au programu?*

Ndugu, tuanze na bwawa, mashine itasubiri. Opoa kwa wavu chakula chote kinachoelea na kilichokusanyika kingoni, toa maji ya chini kiasi cha theluthi na uingize mapya, kisha usilishe mpaka uone samaki wamerudi kuogelea kwa nguvu na hawapandi juu kuvuta hewa alfajiri. Siku 2 au 3 bila chakula hazimdhuru perege. Kilichowaua si shibe. Ni kwamba kilo 6 ni mlo wa siku 6 kwa bwawa lako, na chakula kikioza usiku kinakula oksijeni ileile ambayo mimea ya majini imeshaacha kuitengeneza tangu jua lizame. Oksijeni ya bwawa hufika chini kabisa muda mfupi kabla ya mapambazuko, na hapo ndipo wako walipokufa.

Sasa mashine. Dalili zako zote mbili, kipimo kisichoeleweka na ndoo kumwagika usiku, zinaonekana kama mambo mawili lakini ni mnyororo mmoja, na unaanzia kwenye unyevu.

Mvua zikianza, hewa iliyo juu ya bwawa hujaa mvuke usiku kucha na kupanda kupitia tundu la ndoo. Punje za chini ndizo zinazoipokea kwanza. Zinavimba, zinalainika, zinashikana na kutengeneza daraja juu ya tundu, hivyo kifuniko kikifunguka hakitoki kitu. Siku daraja likivunjika, linakuja rundo zima. Ndiyo maana muda wa sekunde 4 haukupi kipimo: unapima muda, wakati kinachobadilika ni mtiririko. Kuongeza au kupunguza sekunde hakutakusaidia, kwa sababu kesho unyevu utakuwa mwingine.

Hatua ya pili ya mnyororo ni kifuniko chenyewe. Punje laini ikibanwa kati ya kifuniko na ukingo wa tundu, SG90 haina nguvu ya kuikata. Ile sevo ndogo ya bluu ina meno ya plastiki na nguvu ya kilo 1.8 tu kwa sentimita moja kutoka kwenye mhimili, na hiyo ni ikiwa mpya. Inakwama katikati ya safari. Lakini sevo haijui kukata tamaa: maadamu bodi inaiambia “funga”, itaendelea kusukuma. Sevo ya aina hiyo ikikwama huvuta zaidi ya nusu ampea kwenye volti 5, na ukihesabu upotevu wa kishusha volti, hiyo ni karibu theluthi moja ya ampea kutoka kwenye betri yako. Betri ya ampea-saa 7 iliyojaa inakauka kwa chini ya siku moja. Yako haikuwa imejaa, maana mawingu yalikuwa yameshatanda.

Hatua ya tatu ndiyo iliyomwaga ndoo. Betri ikishuka, volti za bodi zinayumba na Uno inajizima na kuwaka upya. Kila inapowaka, mstari wa `attach()` ulioko kwenye `setup()` hutuma mpigo wa maikrosekunde 1500 kama hujaiambia vingine, yaani nyuzi 90, katikati. Kwa kifuniko chako katikati maana yake ni wazi nusu. Sevo inaruka kwenda huko, inavuta umeme, volti zinaanguka tena, bodi inazimika, inawaka, inaruka. Mzunguko huo ukijirudia mara kadhaa, kilo 6 ziko majini na hakuna hata mstari mmoja wa programu uliosema “lisha”.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba utabadilisha vyote viwili, sevo na programu, lakini ukiishia hapo bila kubadilisha kifuniko utakuwa umenunua muda tu. Mlango unaoteleza una kosa la asili: ukikwama wazi, ndoo nzima iko wazi. Kinachotakiwa ni kitu ambacho, kikikwama popote pale, kimetoa kiasi kidogo kinachojulikana na basi.

Kitu hicho ni silinda yenye mfuko mmoja. Tundu la silinda likitazama juu, linajaa chakula kutoka kwenye ndoo. Likigeuzwa nusu duara, linatazama chini na kumwaga kile kilichomo tu, huku mgongo wa silinda ukiwa umeziba ndoo. Likirudi juu linajaa tena. Kipimo ni ujazo wa mfuko, si muda, na umeme ukikatika katikati ya mzunguko hasara yako haizidi mfuko mmoja.

Kwa vifaa vya dukani, chukua bomba la plastiki la milimita 63, lile linaloitwa la inchi 2, ukate kipande cha sentimita 8. Hiyo ndiyo silinda. Ncha zake zizibe kwa visahani vya plastiki ngumu. Ubao mweupe wa kukatia mboga unafaa sana, haunywi maji na unakubali skrubu. Kisahani kimoja kipitishe boliti ya milimita 8 kama mhimili, kingine kifungwe mkono wa sevo kwa skrubu 4. Silinda hii iingie ndani ya kipande cha bomba la milimita 75 chenye urefu wa sentimita 12, kilicholala, na ncha zake zizibwe kwa vipande vya ubao uleule. Boliti ipite kwenye tundu la ubao huo ili uzito wa silinda ubebwe na ubao, sevo ibaki na kazi ya kuzungusha tu. Watu wengi huacha silinda ining'inie kwenye mkono wa sevo, na baada ya mwezi mhimili wa sevo unakuwa umelegea.

Hapa kuna vipimo ambavyo ukivikosea umerudi kulekule. Tundu la silinda liwe na upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 5. Tundu la juu la bomba la nje, pale chakula kinapoingia, nalo liwe na upana wa sentimita 4. La chini liwe sentimita 5, lisizidi. Sababu ni kwamba silinda inapozunguka lazima kuwe na kipande cha safari ambapo mfuko umefungwa juu na chini kwa wakati mmoja. Kwa vipimo hivyo, mfuko unaachana na tundu la juu ukiwa umezunguka nyuzi kama 74, na hauanzi kuonana na la chini mpaka nyuzi 95 hivi. Ukipanua matundu kwa tamaa ya chakula kutoka haraka, ukakata ya juu sentimita 5 na ya chini sentimita 6, kutakuwa na nyuzi kadhaa ambapo juu na chini vimeungana kupitia mfuko. Sevo ikikwama hapo, umetengeneza bomba.

Kati ya silinda na bomba la nje kutabaki nafasi ya milimita 3 hivi pande zote, na punje ya milimita 3 inapenda kuingia humo. Usijaribu kuiziba kwa kubana plastiki na plastiki, utaongeza tu mahali pa kukwama. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, vipigilie ribiti kwenye kingo za tundu la juu ili midomo yake iguse silinda pande zote mbili. Punje ikibanwa pale, mpira unapinda na kuipisha badala ya sevo kukwama. Mpira huohuo unazuia mvuke wa bwawa kupanda kwenye ndoo, kwa hiyo unatibu mwanzo na mwisho wa mnyororo. Hudumu miezi kadhaa tu kwenye jua na chumvi, lakini tyubu chakavu haikosekani kwa fundi baiskeli yeyote.

Juu ya bomba weka koni ya bati au plastiki laini, si tako bapa la ndoo. Mteremko wake uwe mkali, nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, ili punje zishuke zenyewe. Na usijaze ndoo kwa sababu inajaa. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, weka chakula cha siku 3 tu na kilichobaki kikae ndani ya nyumba kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Chakula chenye ukungu usimpe samaki hata kama kinatiririka vizuri. Niongeze kwamba mashine hii ni ya punje kavu zinazoelea. Kama unasaga pumba na dagaa nyumbani, unga ule hautatiririka kwenye koni yoyote, uendelee kuulisha kwa mkono.

Sevo iwe MG996R, yenye meno ya chuma na nguvu ya kilo 9 hivi kwa sentimita. Bei yake ni kubwa kuliko ya SG90, lakini hapa si mahali pa kubana matumizi. Uroho wake ni wa umeme: ikikwama inaweza kuvuta ampea 2.5, na hata ikianza tu kuzunguka huvuta kwa ghafla. Kwa hiyo isichangie kishusha volti na bodi. Weka vishusha volti viwili vya LM2596, kimoja kikiwekwa volti 5 kwa ajili ya bodi, kingine volti 6 kwa ajili ya sevo peke yake. Kwenye waya za sevo, karibu nayo kabisa, funga kapasita ya maikrofaradi 2200 ya volti 16 ili imeze ule mvuto wa ghafla. Waya hasi za pande zote mbili lazima ziunganishwe pamoja, la sivyo sevo itatetemeka ovyo kwa kuwa haioni mpigo wa bodi. Na karibu na betri, kwenye chanya, fyuzi ya ampea 3.

Kati ya kishusha volti cha pili na sevo pitisha rilei ya volti 5. Sevo ipate umeme sekunde chache tu za kulisha, muda mwingine wote iwe imekatwa kabisa. Hata ikikwama, programu itazima rilei baada ya sekunde chache na betri yako itabaki salama. Na kwa kuwa silinda haihitaji nguvu kushikilia mahali ilipo, hakuna kinachoharibika.

Ukihesabu matumizi utaona kitu ambacho wengi hawakitarajii. Sevo ikigeuka mara 16 kwa siku, kila mara sekunde 4, haili hata sehemu moja ya hamsini ya ampea-saa. Mlaji mkubwa ni Uno iliyokaa kimya, miliampea kama 50 saa 24. Ukijumlisha na vishusha volti na kontrola ya chaji, jumla ni takriban ampea-saa 1 kwa siku kutoka kwenye betri. Betri ya ampea-saa 7 ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una siku 3 za mawingu mazito. Paneli ya wati 10 ikipata jua la kweli saa 4 inarudisha ampea-saa 2 hivi. Vyote ulivyonavyo vinatosha, havikuwa chanzo cha tatizo, na usikubali mtu akuuzie paneli kubwa zaidi kabla ya kutibu sevo.

Paneli ielekee kaskazini, kwa kuwa Lindi na Mtwara ziko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na iinamishwe nyuzi 10 hadi 15. Ikilazwa bapa, maji na vumbi vinatuama juu yake. Angalia kivuli cha mkorosho saa 2 asubuhi na saa 10 jioni, si saa sita tu: kona moja ya paneli ndogo ikifunikwa, umeme wote unaporomoka, si ule wa kona hiyo peke yake. Na kama kuna shamba la mikorosho jirani, wakati wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga futa paneli kwa kitambaa chenye maji na uhakikishe sanduku la bodi limezibwa vizuri. Unga wa salfa kwenye hewa yenye unyevu na chumvi hugeuza shaba kuwa nyeusi, na rilei hufika mahali inalia “tak” bila kupitisha umeme. Bodi unaweza kuipaka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa lehemu, ila usiguse soketi.

Sasa programu. Ni fupi, na kila mstari wake una sababu.

```cpp
#include <Servo.h>
#include <RTClib.h>
#include <EEPROM.h>

Servo s;
RTC_DS3231 saa;
const int SEVO = 9, RILEI = 7;
const int JUU = 600, CHINI = 2350;
const int MIZUNGUKO = 8;

void zungusha() {
  s.writeMicroseconds(JUU);    // kabla ya attach
  s.attach(SEVO);
  digitalWrite(RILEI, LOW);    // washa sevo
  delay(800);
  s.writeMicroseconds(CHINI);
  delay(1500);
  s.writeMicroseconds(JUU);
  delay(1500);
  digitalWrite(RILEI, HIGH);   // zima sevo
  s.detach();
}

void setup() {
  digitalWrite(RILEI, HIGH);
  pinMode(RILEI, OUTPUT);
  saa.begin();
}

void loop() {
  DateTime t = saa.now();
  int h = t.hour();
  byte alama = t.day() * 2 + (h == 16);
  bool wakati = (h == 9 || h == 16);
  if (wakati && !saa.lostPower()
      && EEPROM.read(0) != alama
      && analogRead(A0) > 600) {
    EEPROM.update(0, alama);
    for (int i = 0; i < MIZUNGUKO; i++) {
      zungusha();
      delay(35000UL);
    }
  }
  delay(20000);
}
```

Kwenye `zungusha()` nafasi ya JUU inaandikwa kabla ya `attach()`, ili ile tabia ya kuruka katikati isitokee. Kwenye `setup()` pini ya rilei inawekwa HIGH kabla ya kufanywa ya kutoa, kwa sababu rilei nyingi za dukani huwaka kwa LOW, na ukigeuza mpangilio itapepesa kila bodi inapowaka. Ukipata rilei inayowaka kwa HIGH, geuza maneno hayo mawili kila mahali.

Alama inayoandikwa kwenye EEPROM ndiyo kumbukumbu kwamba mlo huu umeshaanza. Inaandikwa kabla ya kulisha, si baada yake, na hilo nimelikusudia. Bodi ikizimika katikati ya mlo, samaki watakosa nusu ya chakula, jambo ambalo halina madhara. Ingeandikwa mwishoni, bodi ikiwaka upya ingelisha tena tangu mwanzo.

A0 inasoma volti za betri kupitia rezista mbili: kilo-omu 100 kutoka chanya ya betri kwenda A0, na kilo-omu 33 kutoka A0 kwenda hasi. Namba 600 ni takriban volti 11.8, mradi kishusha volti cha bodi kimewekwa volti 5 kamili. Betri ikiwa chini ya hapo, mashine hailishi. Kwa bahati njema, siku ambazo betri imeishiwa ndizo siku za mawingu, na siku za mawingu samaki hawahitaji mlo kamili, kwani hata mimea ya majini haikutengeneza oksijeni ya kutosha.

Kuna mitego miwili ya saa ambayo huwanasa watu. Wa kwanza ni wetu Waswahili: DS3231 haijui kwamba siku inaanza asubuhi. Saa 3 asubuhi ni 9, saa 10 jioni ni 16. Aliyeandika 3 na 10 atalisha saa 9 usiku na saa 4 asubuhi, kisha atashangaa mbona samaki hawali. Wa pili ni mstari wa `saa.adjust(DateTime(F(__DATE__), F(__TIME__)))`. Unarekebisha saa kufuata muda programu ilipotengenezwa kwenye kompyuta. Ukiuacha ndani ya `setup()`, kila umeme ukikatika saa inarudi kwenye siku ileile ya zamani. Upakie mara moja kwa programu ndogo ya peke yake, kisha pakia hii isiyo nao. Na kabla ya kutia betri ya CR2032 kwenye moduli, angalia kama ina rezista ndogo ya kuichaji, ile iliyo karibu na diodi. CR2032 haichajiki, na moduli nyingi za bei nafuu huichaji kwenye volti 5 mpaka inavimba. Ng'oa rezista hiyo.

Ukishafunga, usiamini namba za JUU na CHINI, 600 na 2350, nilizokuandikia, maana kila sevo ina mwisho wake. Anza na 900 na 2100, kisha sogeza kidogo kidogo mpaka mfuko utazame juu na chini barabara. Ukisikia sevo inaunguruma ikiwa imesimama, umeipeleka nje ya uwezo wake, irudishe kidogo. Ikigoma kufikia nusu duara kamili usiilazimishe. Nyuzi 165 zinatosha, silinda itamwaga.

Halafu pima. Weka beseni chini, zungusha mara 10, uweke kwenye mizani. Tuseme umepata gramu 610, basi mfuko wako ni gramu 61. Perege 400 wa gramu 80 ni kilo 32, na kwa umri huo asilimia 3 ya uzito inatosha, yaani gramu 960 kwa siku, gramu 480 kwa mlo. Gawanya kwa 61, unapata 7.9, ndiyo hiyo MIZUNGUKO 8. Kwa kuwa umepoteza 37, hesabu yako ya leo ni samaki 363, gramu 436 kwa mlo, kwa hiyo anza na 7. Nafasi ya sekunde 35 kati ya mzunguko na mzunguko inawapa muda wa kumaliza kilichoanguka kabla kingine hakijaja, na wadogo nao hupata zamu wakubwa wakishapunguza pupa.

Kila wiki 2 vua samaki 30, wapime pamoja, urekebishe namba. Wakifika gramu 200 shuka asilimia 2. Lakini bwawa lako halina kipuliza hewa, na kwa eneo la mita 200 za mraba nisingevuka kilo 1 hadi kilo 1.2 kwa siku hata kama hesabu ya uzito inadai zaidi. Ukifika hapo, vua baadhi uuze, usiongeze mizunguko.

Mashine isimame upande unaotoka upepo, tundu la kutokea likiwa sentimita 40 juu ya maji. Kusi ikivuma, punje zinazoelea husukumwa mpaka ukingo wa pili na kuozea kwenye majani, wakati samaki wanasubiri palepale. Pete ya bomba la inchi 1 yenye upana wa mita 1.2, iliyofungwa kwa kamba chini ya tundu, inazishika. Nguzo ipake grisi sehemu ya upana wa kiganja, kwa ajili ya sisimizi, na uipake tena grisi ikishashika vumbi.

Kila Jumapili zungusha mara 5 kwenye beseni. Uzito ukishuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, fungua koni kwanza: kwa kawaida kuna punje zilizoshikana kwenye mabega ya mfuko, na hiyo ndiyo dalili ya mapema kwamba unyevu umeingia. Uzito ukipanda, umebadilisha saizi ya punje au mpira umechakaa na kupitisha kandokando.

Mwisho, kwenye waya inayokwenda kwenye rilei weka swichi moja ya kawaida, mahali unapoifikia ukiwa umesimama ukingoni. Siku utakayokuta samaki wamepanda juu wanahema saa 12 asubuhi, izime. Programu itaendelea kuhesabu milo yake kama kawaida, silinda haitazunguka, na jioni utaamua mwenyewe kama uiwashe.